Simu ya 1,600 kwa siku: namna ya kuitoa hadharani bei iliyojificha ndani ya malipo ya awamu

Ukipita Mlandege au Darajani siku hizi, hutembei mbali kabla hujakutana na bango la "chukua simu leo, lipa kidogo kidogo". Bango hilo hukwambia mambo mawili tu: kianzio na malipo ya kila siku. Shilingi 60,000 mkononi, kisha 1,600 kwa siku. Jumla haipo, na haikukosekana kwa bahati mbaya. Shilingi 1,600 haimtishi mtu. Jumla ya mwaka mzima ingemtisha.

Nitachukua mfano mmoja na kwenda nao mpaka mwisho. Mama mmoja wa Wete anauza mitandio na madera kwa Wasapu. Kioo cha simu yake kimekufa, na mpango wa 1,600 kwa siku umempendeza. Bei ninazotumia ni za mfano, kwa hiyo ukishaiona njia, weka za kwako. Unahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo cha kawaida tu. Mahali pamoja karibu na mwisho nitaonyesha kanuni ya kuandika kwenye simu au kompyuta, lakini hata asiyeitumia atapata jibu la kutosha kuamua.

Kwanza, itafute bei ya taslimu iliyo ya kweli

Kazi kubwa ipo hapa, na wengi huiruka. Muuzaji wa awamu ukimuuliza bei ya taslimu atakutajia moja, tuseme 380,000. Ukiipokea hiyo, hesabu yote inayofuata itakuwa imepinda, kwa sababu yeye hauzi kwa taslimu na hana haja ya kuishusha. Kadiri bei hiyo inavyokuwa juu, ndivyo nyongeza ya awamu inavyoonekana ndogo. Bei unayoitaka wewe ni ile ambayo ungetoka nayo dukani leo kama pesa zote ungekuwa nazo mfukoni, baada ya kuomba kupunguziwa.

Andika jina kamili la simu, ukubwa wa hifadhi yake na ukubwa wa RAM. Simu mbili zenye jina moja zinaweza kupishana bei sana kwa sababu moja ina hifadhi ya 64 na nyengine 128. Andika pia dhamana ni ya muda gani na nani anayeitoa. Kisha ingia maduka matatu yanayouza taslimu. Usitaje awamu kabisa, maana muuzaji akishajua unataka kulipa kidogo kidogo, bei anayokutajia inabadilika. Sema tu, "Ami, nikikupa taslimu sasa hivi, bei ya mwisho ngapi?" Bei ya chini kati ya hizo tatu, kwa simu ile ile na dhamana inayofanana, ndiyo yako.

Aliye Pemba ana hatua moja zaidi. Bei ya Mlandege si bei ya Wete mpaka uongeze nauli ya boti au ujira wa mtu atakayekuletea. Ikiwa duka la Chake Chake linauza ghali kidogo lakini huvuki bahari, huenda hiyo ndiyo rahisi. Wala usilinganishe na bei ya Kariakoo uliyoiona mtandaoni, kwa kuwa huko hutakwenda kununua.

Mama wetu amemtuma mdogo wake aliyeko mjini. Simu ile ile imepatikana kwa 310,000, na 10,000 ya kuifikisha Wete. Bei yake ya taslimu ni 320,000. Tayari 60,000 ya tofauti imejitokeza kabla hatujagusa awamu yoyote.

Pili, hesabu kila kinachotoka mfukoni

Kianzio ni 60,000. Siku 365 mara 1,600 ni 584,000. Jumla ni 644,000.

Uliza idadi ya malipo, usiulize muda. "Mwaka mmoja" ni miezi 12, lakini ni wiki 52 na siku 365. Mtu anayezidisha wiki nne kwa miezi 12 anapata wiki 48, na wiki nne za malipo zinampotea kwenye karatasi ingawa mfukoni zitatoka. Uliza pia kama kuna ada ya fomu, bima au usajili, na kama ada hiyo imo ndani ya kianzio au ni mbali. Halafu angalia makato ya kulipia kwa simu. Ukikatwa hata shilingi 50 kila unapolipa, kwa mwaka ni 18,250. Kampuni nyengine hubeba makato hayo zenyewe. Kwa nyengine ni mzigo wako, na dawa yake ni kulipa ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja ikiwa mfumo unaruhusu. Kwenye mfano huu nitayaacha nje ili tusichanganyikiwe.

Tatu, ujue ulichokopa hasa

Hakuna mtu aliyekukopesha 644,000, wala 320,000. Kianzio umekitoa mwenyewe siku ya kwanza. Kwa hiyo ulichokopeshwa ni bei ya taslimu ukitoa kianzio: 320,000 kutoa 60,000, yaani 260,000. Hilo ndilo deni la kweli. Kwa deni hilo utarudisha 584,000. Gharama ya kukopa ni tofauti yake, 324,000, ambayo inaipita bei ya simu yenyewe.

Muuzaji akibanwa husema nyongeza ni ndogo, na hesabu yake huwa hivi: anachukua 644,000, anatoa 380,000 aliyoiita taslimu, anabaki na 264,000, kisha anaigawa kwa siku 365 na kukwambia ni mia saba na kitu kwa siku. Hakuna tarakimu iliyokosewa hapo. Kilichopinda ni bei ya mwanzo aliyoichagua, na kule kuigawa kwa siku ili ionekane ndogo.

Siku 163

Kabla ya kufika kwenye asilimia, fanya hesabu moja ambayo kwangu mimi inasema zaidi kuliko asilimia yoyote. Chukua deni la kweli uligawe kwa malipo ya siku: 260,000 gawa kwa 1,600 ni 162.5. Yaani mama huyu, mwenye 60,000 yake tayari, akiiweka ile 1,600 kwenye kibubu kila siku badala ya kuipeleka kwa kampuni, siku ya 163 anaingia dukani na kununua simu taslimu. Ni miezi mitano na siku chache. Siku 202 zinazobaki za mwaka ule ndizo anazolipia kutosubiri.

Sasa swali limekuwa la kibiashara na linajibika: kuwa na simu katika siku hizo 163 kunamwingizia nini? Gawa gharama ya 324,000 kwa siku 163 na utapata karibu 2,000. Simu ikimletea faida ya 2,000 au zaidi kwa siku, juu ya ile ambayo angeipata bila simu hiyo, awamu inajilipa. Ikiwa chini ya hapo, anaifanyia kazi kampuni. Nasema faida, si mauzo. Mtandio uliouzwa 8,000 na kununuliwa 6,500 umeleta 1,500, na humo mna vocha na nauli ya kumpelekea mteja.

Na "bila simu hiyo" kusisomwe kama "bila simu yoyote". Kioo kilichokufa kinaweza kubadilishwa na fundi. Simu iliyotumika inaweza kupatikana kwa nusu ya bei. Ikiwa kioo kipya cha 70,000 kinamfanya aendelee kuuza vile vile, basi simu mpya haimwongezei kitu katika siku hizo 163, na 324,000 yote ni ya fahari. Hilo si dhambi, ila alipe akijua.

Kuna na upatu. Wanawake 26 wakitoa 10,000 kila wiki, kila wiki mmoja anapokea 260,000, ambayo ndiyo deni letu kamili. Kwa wiki anatoa 10,000 badala ya 11,200 ya kampuni, na anamaliza baada ya wiki 26 badala ya 52. Akizungumza na kijumbe akapewa zamu ya mapema, amekopa bila nyongeza. Hatari ya upatu ni mtu aliyekwisha kupokea akaacha kutoa, kwa hiyo uzuri wake wote unategemea watu waliomo. Kwa mtu mwenye upatu wa kuaminika mtaani kwake, sioni sababu ya kusogelea bango la Mlandege.

Friji ya "bila riba"

Asilimia inahitajika pale unapolinganisha mipango miwili yenye muda tofauti, kwa mfano duka moja na jengine, au duka na benki. Njia ya mkono ni rahisi kuionyesha kwa mfano mdogo kuliko ule wa simu, na mfano huo ni wa kila siku: friji ya 720,000, unalipa 120,000 kwa miezi sita, ya kwanza siku unapoichukua. Tangazo linasema bila riba, na kwa kweli 120,000 mara sita ni 720,000 kamili. Hakuna kilichoongezwa.

Lakini katika duka lile lile, mtu akija na pesa zote anapunguziwa mpaka 640,000. Punguzo ulilolikosa ndiyo nyongeza unayolipa. Imehamishwa tu kutoka kwenye awamu na kuwekwa ndani ya bei.

Deni la kweli ni 640,000 kutoa ile 120,000 ya siku ya kwanza, sawa na 520,000. Utarudisha malipo matano ya 120,000, yaani 600,000. Gharama ni 80,000. Mtu anaweza kusema 80,000 juu ya 640,000 ni asilimia 12.5 na akaona si mbaya. Kosa lake ni kudhani kwamba unakaa na deni lote kwa muda wote. Hukai nalo. Kila mwezi unalipunguza, na mwezi wa mwisho unadaiwa kipande kidogo tu. Kwa hiyo gharama lazima ipimwe kwa wastani wa deni, hivi:

Gawa deni kwa idadi ya malipo: 520,000 gawa kwa 5 ni 104,000. Hicho ni kipande cha mwisho. Jumlisha deni la mwanzo na kipande hicho, kisha gawa kwa mbili: 624,000 gawa kwa 2 ni 312,000. Huo ndio wastani wa deni ulilokaa nalo. Gharama ya 80,000 gawa kwa 312,000 ni karibu asilimia 25.6 kwa miezi mitano, au karibu asilimia 5.1 kwa mwezi. Friji ya bila riba inakula asilimia tano kila mwezi.

Njia hii ya mkono hukaribia ukweli pale gharama inapokuwa ndogo ukilinganisha na deni. Gharama ikiwa kubwa, kama ya simu yetu, inatia chumvi: itakupa asilimia 20 na ushei kwa mwezi, na ukweli uko chini ya hapo. Kwa jibu safi fungua Excel au Google Sheets, hata kwenye simu, uandike kwenye kisanduku chochote:

```
=RATE(5,-120000,520000)
=RATE(365,-1600,260000,0,0,0.005)
```

Namba ya kwanza ni idadi ya malipo, ya pili ni kila lipo likiwa na alama ya kutoa, ya tatu ni deni la kweli. Ile 0.005 ya mwisho kwenye mstari wa pili ni makisio ya kuanzia. Bila hiyo programu hushindwa mara nyengine kwenye malipo mengi na kukutolea #NUM!. Badilisha kisanduku kiwe cha asilimia na uongeze tarakimu za desimali, la sivyo utaona 1% au 0% ukadhani umekosea. Friji inatoka karibu asilimia 5 kwa mwezi. Simu inatoka karibu asilimia 0.52 kwa siku, ambayo kwa siku 30 ni asilimia 15 na nusu hivi, bila kuhesabu nyongeza juu ya nyongeza. Zidisha 0.52 kwa 365 uone inafika wapi kwa mwaka.

Na kama ni halali?

Visiwani swali hili halikwepeki. Masheikh walio wengi wanaruhusu bei ya mkopo kuwa juu kuliko ya taslimu, ilimradi wawili wamekubaliana bei moja kabla ya kuachana na isiongezwe kwa sababu ya kuchelewa. Kwa hiyo mpango unaopandisha deni kila unapochelewa una tatizo la sheria ya dini mbali na lile la mfukoni. Katika murabaha, ambayo benki kama PBZ huitoa kupitia huduma zake za Kiislamu, muuzaji anatakiwa akwambie amenunua kwa kiasi gani na faida yake ni kiasi gani. Ndiyo namba ile ile tuliyokuwa tukiitafuta kwa jasho, nawe umepewa mezani.

Ila uhalali hausemi kitu kuhusu urahisi. Faida ya murabaha nayo ipitishe kwenye hesabu ile ile: bei ya taslimu uliyoithibitisha mwenyewe madukani, kutoa kianzio, malipo mangapi, gharama kiasi gani. Nimeona watu wakiona haya kuuliza, kana kwamba kuuliza bei ni kuitilia shaka dini ya muuzaji.

Maswali mawili kabla ya kuweka saini

Mikataba mingi ni mirefu. Ukikosa muda wa kuisoma yote, tafuta majibu ya mawili haya na uyaombe kwa maandishi.

La kwanza: nikimaliza mapema, napunguziwa? Tuseme mama amelipa siku 183, upatu umemfikia na anataka kufunga deni. Zimebaki siku 182, na 182 mara 1,600 ni 291,200. Kampuni isiyopunguza itamdai hiyo yote. Lakini kwa kiwango kile kile cha asilimia 0.52 kwa siku, deni lililobaki kwa haki siku hiyo ni kama 187,000. Zaidi ya 100,000 anailipia muda ambao hatautumia. Ikiwa hakuna punguzo, hana faida yoyote ya kuharakisha. Bora aendelee na 1,600 yake na pesa za upatu azizungushe kwenye mitandio.

La pili: nikichelewa, kinatokea nini hasa? Kwa simu, kinachotokea ni kufungwa. Ndani yake mna programu inayoizima mpaka ulipe, na kwa kawaida kuifuta simu na kuianzisha upya hakuiondoi. Uliza kama kuna siku za huruma, inachukua muda gani kufunguka baada ya kulipa, na kama kuna faini. Kwa mfanyabiashara, kufungwa kuna bei yake. Simu ikizimwa siku tatu katika wiki ya mwisho ya Ramadhani, wateja wa mama wetu watanunua kwa mwengine, na hasara hiyo haimo kwenye karatasi ya mtu yeyote. Mwenye kipato cha kupanda na kushuka, kama wavuvi na wauza karafuu, akubaliane kulipa kabla wakati wa msimu ikiwa mfumo unapokea, badala ya kuahidi 1,600 ya kila siku ambayo bahari haikumuahidi yeye.

Uliza na hili dogo: mali ni ya nani mpaka malipo yaishe, na ikichukuliwa, nilicholipa kinarudi? Mara nyingi hakirudi. Ndiyo maana miezi ya mwanzo ni ya hatari zaidi kwako: umekwisha toa kianzio na mamia ya maelfu, na huna kitu mkononi ambacho ni chako.

Ukishaamua kuchukua

Piga *#06# mbele ya muuzaji, uiandike namba ya IMEI kwenye nakala yako ya mkataba, ili deni liwe la simu hiyo na si nyengine. Kila ujumbe wa malipo usiufute. Ukiweza, upige picha na kuutuma kwenye simu ya mtu wa nyumbani, kwani ujumbe uliomo ndani ya simu iliyofungwa hausomeki. Mara moja kwa mwezi linganisha hesabu yako na salio wanalokuonyesha. Malipo yaliyopotea ni rahisi kuyatafuta yakiwa na wiki mbili kuliko yakiwa na miezi minane. Wakikataa kusahihisha, na una mkataba na risiti, malalamiko ya mlaji hupelekwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Siku ya lipo la mwisho usiondoke na ujumbe wa "asante" peke yake. Omba waraka unaosema deni limekwisha, wenye namba ya IMEI, na hakikisha programu ya kufungia imeondolewa kweli: izime simu, iwashe, uone kama bado inataja malipo. Bila hayo, siku utakayotaka kuiuza hakuna atakayeinunua kwa bei yake, na mnunuzi mwenye akili atakuwa sahihi.